Kampuni ya Bima Inaposema Hapana: Kuisoma na Kuijibu Barua ya Kukataliwa Fidia

Barua yenyewe huwa fupi. Inaanza kwa pole za ajali, inataja namba ya dai na namba ya gari, kisha inasema kampuni "inasikitika" kwamba haitaweza kulipa. Sababu hupangwa kwa namba, moja mpaka tatu au nne, na mwishoni yanafuata maneno kwamba barua imeandikwa bila kuathiri haki yoyote ya kampuni. Wenye magari wengi wakifika hapo huikunja, huiweka kwenye droo, na kuanza kutafuta fundi wa bei nafuu.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Barua ya kukataa fidia si hukumu. Ni maelezo ya upande mmoja wa mkataba kuhusu kwa nini haudaiwi. Mwenye bima anapaswa kuthibitisha kwamba alikuwa na bima hai na kwamba ajali aliyoipata ni ya aina inayolipwa na bima hiyo. Akishafanya hivyo, kampuni inayosema "lakini kuna kifungu kinachotuondoa" ndiyo inayopaswa kukithibitisha kifungu hicho na jambo lililokigusa. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, Sura ya 6, inasema hivyo: anayedai jambo ndiye wa kulithibitisha.

Kwa hiyo kila sababu iliyoandikwa kwenye barua inaweza kuulizwa maswali matatu. Ni kifungu gani cha mkataba kinachotumika, na maneno yake ni yapi hasa? Ni tukio gani linalodaiwa kukivunja, na nani aliyelishuhudia? Na je, kifungu hicho, hata kama kimevunjwa, kinaipa kampuni haki ya kukataa dai zima? Sababu nyingi huanguka kwenye moja ya maswali hayo. Nyingine husimama imara, na ni vizuri mwenye bima alijue hilo mapema kabla hajatumia nauli na fedha za wakili.

Tuchukue mfano mmoja na tuufuate mpaka mwisho. Mfano wenyewe umetungwa, lakini sababu zilizomo ni zile zinazojitokeza mara kwa mara katika bima za magari.

Mkazi wa Kimara, Dar es Salaam, ana Toyota Noah ya familia yenye viti vinane. Ameikatia bima kubwa kwa thamani ya shilingi milioni 18. Kwa kiwango cha asilimia 3.5 ada inakuwa shilingi 630,000, na ikiongezwa kodi ya VAT ya asilimia 18 inafika shilingi 743,400. Alilipa zote siku hiyo hiyo na stika ya kielektroniki ikatoka. Miezi mitano baadaye ukatokea msiba Morogoro. Mdogo wake akaliendesha gari, wakiwemo ndugu sita na jirani mmoja. Karibu na Mlandizi, usiku, gari likavaa tela la lori lililokuwa limeegeshwa bila alama. Hakuna aliyefariki, ila watu wawili walilazwa, na gereji ikakadiria matengenezo kuwa shilingi milioni 11.

Polisi walifika, wakapima, wakachora mchoro. Mwenye gari akashughulika na wagonjwa na mazishi, na fomu ya madai akaipeleka kwenye kampuni siku ya tisa. Wiki saba baadaye ikaja barua yenye sababu tatu: gari lilikuwa likibeba abiria kwa malipo wakati bima ni ya matumizi binafsi, dereva alikuwa na leseni iliyoisha muda, na ajali ilichelewa kuripotiwa.

Kabla ya kujibu lolote, mwenye gari anahitaji karatasi mkononi. Stika na risiti havitoshi. Anachohitaji ni mkataba wenyewe, kile kijitabu chenye masharti ambacho wateja wengi hawajawahi kukiona, kwa sababu wakala huwapa stika na kuwaaga. Anayo haki ya kuuomba. Aombe pia nakala ya fomu ya maombi aliyoisaini siku ya kukata bima, nakala ya fomu yake ya madai, na ripoti ya mkadiria hasara aliyetumwa kulikagua gari. Kutoka polisi achukue ripoti ya ajali pamoja na mchoro, na ripoti ya ukaguzi wa gari, zile fomu ambazo madereva wanazijua kwa namba: PF 90, PF 93 na PF 115. Maombi yote kwa kampuni yawe ya maandishi, na nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa. Kampuni ikikataa kutoa ripoti ya mkadiria hasara, kukataa huko nako kuwekwe kwenye faili, kwa maana msuluhishi au hakimu atataka kujua ushahidi wa kampuni uko wapi.

Sasa turudi kwenye sababu ya kwanza, iliyo nzito kuliko zote.

Bima ya gari binafsi kwa kawaida inaruhusu matumizi ya kijamii, ya nyumbani na ya starehe, na inakataza kukodisha gari au kubeba watu kwa malipo. Kampuni katika mfano wetu imetegemea kauli ya abiria mmoja aliyewaambia polisi kwamba kila mtu alitoa shilingi 15,000. Mkadiria hasara akaiandika kama nauli. Je, mchango wa mafuta ni nauli?

Swali hili lilifika mbali sana huko Uingereza, ambako ndiko maneno ya mikataba yetu mingi yalikotoka. Mwaka 1971, Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, liliamua shauri la Albert dhidi ya Ofisi ya Bima za Magari. Mfanyakazi mmoja wa bandarini alikuwa na mazoea ya kuwabeba wenzake kwenda na kurudi kazini, nao wakimpa fedha, wengine tumbaku au bia. Mahakama ikasema hiyo ilikuwa biashara ya kubeba watu kwa malipo, hata kama hakukuwa na mkataba wa maandishi. Kipimo kilichotoka pale ni kama mpango umevuka mipaka ya ukarimu wa kawaida kati ya watu wanaofahamiana. Jambo lililombana ni utaratibu: safari za kila mara na malipo ya kutegemewa.

Uamuzi wa Uingereza hauzifungi mahakama za Tanzania, lakini hutajwa na kusikilizwa pale maneno ya mkataba yanapofanana. Kwa mwenye Noah, kipimo hicho ni habari njema ikiwa tu ukweli unamuunga mkono. Safari ilikuwa moja, ya msiba, na abiria ni ndugu na jirani. Hesabu nayo inasema. Watu saba kwa shilingi 15,000 ni shilingi 105,000. Kwenda Morogoro na kurudi ni karibu kilomita 400, na Noah inayokwenda kilomita 10 kwa lita inahitaji lita 40. Mafuta yakiwa shilingi 2,900 kwa lita, hiyo ni shilingi 116,000. Michango haikufika hata gharama ya mafuta. Aambatanishe risiti ya kituo cha mafuta, ujumbe wa kundi la WhatsApp la familia uliopanga michango, na maelezo mafupi ya kila abiria kuhusu undugu wake na marehemu. Hapo neno "nauli" la mkadiria hasara linaanza kupwaya.

Kuna mtego mmoja lakini. Tuseme kampuni inazo picha zinazoonyesha Noah hiyo hiyo, miezi miwili kabla, ikipakia abiria kituoni asubuhi. Hapa lipo shauri jingine la kukumbuka, la mwaka 1933, kati ya kampuni ya bima ya Provincial na mtu aliyeitwa Morgan. Morgan alikuwa na lori ambalo kwenye fomu aliandika ni la kubeba makaa ya mawe. Siku ya ajali lilikuwa limebeba mbao pia, lakini mbao zilikuwa zimeshashushwa, na lori lilipogonga lilikuwa na makaa tu. Baraza la Malodi likaamuru kampuni ilipe. Maelezo ya matumizi yalionyesha ni wakati gani gari liko ndani ya bima, na wakati wa ajali lilikuwa ndani. Kwa hoja hiyo, safari za zamani za abiria pekee haziiondoi safari ya msibani kwenye bima.

Hata hivyo hoja ya Morgan haimsaidii mtu aliyeficha. Ikiwa siku ya kujaza fomu ya maombi gari lilikuwa tayari linabeba abiria kila asubuhi, na mwenyewe akaandika "matumizi binafsi", kampuni itabadili wimbo. Haitazungumzia tena safari ya msibani. Itasema mkataba wenyewe ulipatikana kwa maelezo ya uongo. Hilo ni jambo zito zaidi, na tutalifikia.

Sababu ya pili, leseni, ndiyo inayowatisha watu kuliko inavyostahili. Leseni ya mdogo mtu ilikuwa imeisha wiki tano kabla ya ajali. Mwenye gari akiisoma barua anasema basi, hapo sina pa kutokea. Kumbe afungue mkataba, atafute sehemu inayoeleza nani anaruhusiwa kuendesha. Mikataba mingi ya magari ya Afrika Mashariki inasema dereva awe ameruhusiwa na sheria za leseni kuendesha gari hilo, au awe aliwahi kuruhusiwa na hajazuiwa kwa amri ya mahakama. Nusu ya pili ya sentensi hiyo ndiyo dawa. Mtu ambaye leseni yake imeisha muda aliwahi kuruhusiwa. Kama hakuna mahakama iliyomnyang'anya, yuko ndani ya maneno ya mkataba.

Yapo mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, baadhi ya kampuni zimebadili maneno na kutaka leseni iliyo hai siku ya ajali, kwa hiyo lazima mtu asome mkataba wake, si wa jirani. Pili, daraja la leseni. Leseni ya daraja D inamruhusu mtu kuendesha gari dogo binafsi, lakini haimruhusu kuendesha basi la abiria. Mtu mwenye D aliyekuwa akiendesha gari la abiria hakuwahi kuruhusiwa kuliendesha, na kifungu hakimwokoi. Katika mfano wetu dereva alikuwa na D kwa miaka minne na gari ni la familia. Atafute nakala ya leseni ya zamani na uthibitisho wa kuihuisha, aviambatanishe. Faini ya trafiki kwa leseni iliyoisha italipwa kivyake. Haiwi sababu ya kupoteza shilingi milioni 11.

Sababu ya tatu inaonekana nyepesi lakini ndiyo inayoweza kuua dai. Mikataba mingi inataka taarifa itolewe mara moja au mapema iwezekanavyo, na mingine inataja idadi ya siku. Siku tisa ni nyingi? Jibu liko katika sentensi moja ambayo kwa kawaida imejificha mwishoni mwa masharti: ile inayosema kuyatimiza masharti haya ni sharti la lazima kabla kampuni haijawajibika kulipa. Ikiwa sentensi hiyo ipo na inagusa sharti la kutoa taarifa, kampuni inaweza kushikilia kuchelewa peke yake, hata kama hakukuiumiza. Ikiwa haipo, kampuni itapaswa kueleza kuchelewa huko kuliathiri nini: ushahidi upi ulipotea, gharama ipi iliongezeka.

Mwenye gari atazame nyuma kwa makini. Je, alimpigia wakala usiku ule? Kama alimtumia wakala ujumbe saa nne usiku wenye picha ya gari lililobonyea, na wakala akajibu "pole, kesho tutashughulikia", basi ana hoja kwamba taarifa ilitolewa siku ile ile na kilichochelewa ni fomu tu. Ujumbe huo upigwe picha ya skrini na uchapishwe, tarehe na saa zikionekana. Je, mtu mwingine wa familia angeweza kutoa taarifa? Alikuwa hospitali na mgonjwa? Cheti cha kulazwa kinaeleza kwa nini "mapema iwezekanavyo" kwake ilikuwa siku ya tisa.

Kisha atazame kampuni ilifanya nini baada ya kupokea fomu hiyo ya siku ya tisa. Iliona tarehe. Ilijua imechelewa. Lakini ikamtuma mkadiria hasara, ikaomba nukuu za gereji mbili, ikaomba kadi ya gari, ikamwambia asubiri, na kwa wiki saba haikutaja kuchelewa hata mara moja. Kampuni inayojua ina sababu ya kukataa na bado inaendelea kulishughulikia dai kama inalolikubali inaweza kuhesabiwa kuwa imeiacha sababu hiyo. Ndiyo maana kampuni makini, inapopokea dai lenye kasoro, huandika tangu mwanzo kwamba inachunguza huku ikihifadhi haki zake. Mwenye gari apekue barua zote za nyuma aone kama onyo la namna hiyo lilitolewa. Kama halikutolewa, alitaje.

Tumeahidi kurudi kwenye maelezo ya uongo. Barua nyingine haisemi "dai hili halilipiki". Inasema mkataba mzima ni batili kwa sababu mteja alificha au alikosea jambo kwenye fomu ya maombi. Bima imejengwa juu ya kuaminiana kwa hali ya juu. Kanuni hiyo inakwenda mpaka mwaka 1766, katika shauri la Carter dhidi ya Boehm, Jaji Mansfield aliposema kwamba anayekata bima ndiye anayeyajua mambo yake, kwa hiyo ayaeleze. Ukali wake ulionekana mwaka 1922. Kampuni ya Dawsons ya Glasgow ilijaza kwamba lori lake hulala mjini kwenye ofisi zake, kumbe lilikuwa likilala shambani nje ya mji. Lori likaungua. Kosa la anwani halikuwa limeongeza hatari ya moto, lakini fomu ilikuwa na maneno kwamba majibu yote ni msingi wa mkataba. Dawsons ilishindwa.

Uingereza yenyewe ililegeza ukali huo kwa sheria mpya za mwaka 2012 na 2015. Huku kwetu, mtu anayeona kwenye fomu yake maneno yanayosema majibu haya ndiyo "msingi wa mkataba" ayachukulie kwa uzito wote. Wala asidhani ataokoka kwa kusema wakala ndiye aliyejaza. Mwaka 1929, katika shauri la ndugu Newsholme, wakala alijaza majibu yasiyo sahihi ingawa aliambiwa ukweli. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema alipokuwa akijaza fomu ya mteja alikuwa akimfanyia kazi mteja, na sahihi ni ya mteja. Hoja ya wakala si bure kabisa, maana mengi hutegemea mamlaka aliyopewa na kampuni, lakini si hoja ya kuegemea peke yake.

Kitu kimoja mwenye bima anaweza kukidai hata hapo. Mkataba ukifutwa tangu mwanzo bila udanganyifu kuthibitishwa, kampuni haiwezi kusema bima haikuwahi kuwepo na papo hapo ikabaki na ada. Inapaswa kuirudisha. Kampuni inayoandika kwamba mkataba ni batili, lakini imekaa na shilingi 743,400 na mwezi uliofuata inamkumbusha mteja kuhuisha bima ile ile, inajipinga yenyewe. Kumbukumbu za namna hiyo zitunzwe.

Lipo pia suala la maneno yenye utata. Mtu mmoja aliyeitwa Houghton alikataliwa fidia kwa sababu gari lake la watu watano lilibeba sita, na mkataba ulikataza "mzigo" unaozidi uwezo wa gari. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema neno hilo halikuwa wazi kiasi cha kuwahusisha abiria wa gari dogo, na kampuni iliyoliandika ndiyo iubebe utata wake. Anayesoma kifungu na kukuta kinaweza kueleweka kwa njia mbili, ashike ile inayomfaa na aieleze kwa utulivu.

Baada ya kusoma hivyo, mwenye Noah ana kazi ya kuandika. Barua ya kujibu iende kwa mkuu wa kampuni, nakala kwa idara ya madai na kwa dalali au wakala. Haihitaji hasira wala Kiingereza cha kutafuta kwenye kamusi. Ifuate namba za barua ya kukataa: sababu ya kwanza, inadai nini, mkataba unasema nini, ushahidi wa kuipinga ni upi, kiambatanisho namba ngapi. Vivyo hivyo ya pili na ya tatu. Imalizie kwa kuomba mambo mawili: dai lipitiwe upya, na jibu la maandishi litolewe ndani ya siku 14 likitaja vifungu na ushahidi. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Asitunge chochote. Mikataba karibu yote ina kifungu kinachosema dai lenye udanganyifu hupotea lote, pamoja na sehemu yake iliyo halali. Mwenye gari mwenye kesi nzuri ya michango ya msiba anaweza kuiua kwa kumshawishi abiria akane kauli yake ya polisi, au kwa risiti ya mafuta ya kuazima. Abiria aliyesema alitoa shilingi 15,000 aachwe na kauli yake. Kinachohitaji maelezo ni maana ya fedha hiyo.

Jibu lisipokuja, au likija lile lile, kuna milango mingine. Mlango wa karibu ni Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009, na mlalamikaji halipi ada. Inapokea mtu aliyekwisha kulalamika kwa kampuni kwanza, na ndiyo maana ile barua ya kujibu yenye muhuri wa kupokelewa ni muhimu. Huanza kwa kuwakutanisha pande mbili wapatane. Isipowezekana, hutoa uamuzi. Mlalamikaji hahitaji wakili, lakini anahitaji faili lililopangwa. Kuna kikomo cha kiasi cha fedha kinachoweza kuamuliwa hapo, kwa hiyo mwenye dai kubwa aulize kikomo cha sasa kabla ya kufungua shauri.

Ofisi hiyo isichanganywe na TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. TIRA ndiyo inayotoa leseni kwa kampuni na kuzisimamia, na ina ofisi za kanda mikoani. Mtu apeleke huko malalamiko kuhusu mwenendo: kampuni haijibu barua, inazungusha dai miezi na miezi, imekiri deni lakini hailipi, au stika haionekani kwenye mfumo wa kuhakiki. TIRA imekuwa ikisisitiza kwamba fidia ilipwe ndani ya siku 45 baada ya nyaraka zote kukamilika. Mwenye gari aliyekabidhi hati ya mwisho aandikishe tarehe hiyo, kwani kampuni nyingi hubishana juu ya siku nyaraka "zilipokamilika".

Mlango wa tatu ni usuluhishi wa kimkataba au mahakama. Hapa kuna hatari ambayo barua ya kukataa aghalabu haiitaji kabisa. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana miaka sita. Mtu akisikia hivyo hulala usingizi. Lakini mikataba mingi ya magari ina kifungu kinachosema kwamba kampuni ikikataa dai na mteja asilipeleke kwa msuluhishi aliyeteuliwa kimkataba ndani ya miezi 12 tangu siku ya kukataliwa, dai huhesabiwa limeachwa. Wanasheria wanaweza kubishana kama kifungu cha namna hiyo kinashika mbele ya mahakama. Mwenye gari wa kawaida hana sababu ya kuwa uwanja wa ubishi huo. Mwezi wa kumi ukifika bila suluhu, amwone wakili.

Katikati ya safari hiyo kampuni inaweza kupiga simu na kutoa ofa, tuseme shilingi milioni nne "kwa ubinadamu, bila kukiri deni". Si lazima ikataliwe. Mwenye dai alilokadiria kuwa na nguvu nusu anaweza kuona ni busara kuichukua. Ila asome hati ya kukubali malipo kabla ya kusaini. Ikiandikwa kwamba malipo hayo ni ya mwisho na kamili, sahihi yake inafunga mlango wa msuluhishi na wa mahakama pia. Gari nalo lisiuzwe kwa mafundi wa vyuma wala lisitengenezwe kabla halijapigwa picha kila upande na kukaguliwa, kwa maana ndilo shahidi mkuu.

Wale majeruhi wawili wa Mlandizi wasisahaulike. Barua ya kukataa iliandikwa kwa mwenye gari, si kwao. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inailinda haki ya mtu wa tatu aliyeumizwa. Masharti ya mambo ya kufanywa baada ya ajali, kama hilo la kuchelewa kuripoti, hayawezi kutumiwa kumnyima yeye. Akishinda kesi dhidi ya mwenye gari, na dhima hiyo ikiwa ya aina ambayo sheria inalazimisha ikatiwe bima, anaweza kuidai kampuni hukumu hiyo, nayo ikabaki kumfuata mteja wake baadaye. Sharti ni kwamba kampuni ijulishwe rasmi kuhusu kesi mapema, na wakili mzoefu hutuma notisi hiyo kabla hata ya kufungua shauri.

Tuhukumu mfano wetu. Sababu ya leseni inaanguka ikiwa mkataba una maneno "aliwahi kuruhusiwa". Sababu ya nauli inaanguka kwa hesabu ya mafuta na undugu wa abiria, mradi gari halikuwa daladala ya siri tangu siku ya fomu. Sababu ya kuchelewa ndiyo ya kupiganiwa, na itategemea ujumbe mmoja kwa wakala usiku wa ajali na ukimya wa kampuni kwa wiki saba. Hilo ni dai la kupelekwa kwa msuluhishi.

Kwa msomaji ambaye barua yake iko kwenye droo: itoe leo, andika juu yake tarehe uliyoipokea, hesabu miezi 12 kutoka tarehe iliyoandikwa kwenye barua yenyewe, na kesho asubuhi nenda ukaombe nakala ya mkataba wako.